Baiskeli moja, vibao vitatu: namna ya kusoma maumbo na rangi za alama za barabarani

*"Shikamoo mwalimu. Najifunza udereva hapa Morogoro na mtihani wa trafiki uko karibu. Chuoni tumepewa karatasi ya alama za barabarani tukariri, lakini nazichanganya, maana kuna zenye picha ile ile halafu maana ni tofauti. Tena kaka yangu aliyeko Marekani kanitumia picha ya kibao cha njano chenye umbo la almasi na mshale ndani, na hicho kwenye karatasi yetu hakipo kabisa. Kuna namna ya kuzisoma bila kukariri moja moja?"*

Marahaba, mwanangu. Iweke hiyo karatasi pembeni kwanza, tuchukue picha moja tu, ya baiskeli, tuone maana yake inavyobadilika kufuatana na kilichoizunguka.

Baiskeli ikiwa ndani ya pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha ikitazama juu, unaambiwa kwamba huko mbele waendesha baiskeli huwa wanaingia barabarani au kuikatiza. Hujakatazwa kitu. Unatahadharishwa: punguza mwendo, tazama pembeni, uwe tayari. Baiskeli hiyo hiyo ikihamia kwenye duara lenye ukingo mwekundu, habari imegeuka, sasa baiskeli haziruhusiwi kupita njia hiyo. Ikihamia kwenye duara la buluu, na yenyewe imechorwa kwa rangi nyeupe, hapo ni njia ya baiskeli. Mwenye baiskeli apite hapo, na wewe mwenye gari usiingie.

Picha ni moja na vibao ni vitatu. Anayekariri picha lazima achanganyikiwe, kwa sababu picha inakutajia tu kinachozungumziwa. Unachotakiwa kukifanya kimeandikwa kwenye umbo na rangi. Pembetatu inatahadharisha. Duara linaamuru, na rangi yake ndiyo inayokuambia ni amri ya aina gani: nyekundu inakataza, buluu inalazimisha. Mstatili unaeleza au kuelekeza. Basi soma kwa mpangilio huo siku zote, umbo, halafu rangi, halafu picha. Ukifika kwenye picha, nusu ya jibu unayo tayari.

Mpangilio huo unafuata pia jinsi jicho linavyofanya kazi barabarani. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakata kama mita 22 kila sekunde. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzima linahitaji kama mita 55 hivi kusimama kabisa, ukihesabu na ile sekunde ya kuona na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Lori lililopakia linahitaji zaidi. Sasa kibao kikiwa mbali, michoro yake midogo haisomeki bado, lakini kwamba kina pembe tatu au ni cha mviringo unaliona mapema. Dereva aliyezoea kusoma umbo ameshaondoa mguu kwenye mafuta wakati mwenzake bado anakodoa macho atambue kilichochorwa ni ng'ombe au swala.

Tuanze na pembetatu. Ya kawaida, ile yenye ncha juu, ni alama ya onyo, na huwekwa kabla ya hatari ili upate nafasi ya kujipanga. Kona kali, tuta, njia panda, watoto wa shule, mteremko, barabara kuwa nyembamba, vyote utavikuta humo. Usisahau kwamba pembetatu inazungumzia kinachoweza kutokea. Haikuahidi kwamba kipo sasa hivi. Wewe uko Morogoro, kwa hiyo unaijua ile barabara kuu ya kwenda Iringa inavyokatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mtu anayeipita kila wiki anaona pembetatu yenye mnyama, haoni mnyama, na baada ya muda kile kibao kwake kinakuwa kama mti tu wa pembeni. Kimewekwa pale kwa sababu wanyama wana desturi ya kuvuka hapo, na usiku ukimwona nyati mbele ya taa zako umeshachelewa kuanza kupunguza mwendo. Mtihanini ukiulizwa pembetatu nyekundu inakutaka ufanye nini, jibu la kwanza ni kupunguza mwendo na kuwa tayari. Aina ya hatari ndiyo inayofuata.

Ndani ya pembetatu panaweza kuwa peupe au pa njano, na tofauti hiyo isikuhangaishe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unaruhusu rangi zote mbili, ndiyo maana Uswidi na Polandi pembetatu zao ni za njano na Ufaransa ni nyeupe. Katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika njano hutumika kuonyesha kwamba alama ni ya muda, kwa mfano mahali barabara inapotengenezwa. Popote utakapokuwa, ukingo mwekundu wenye pembe tatu ndio unaobeba onyo.

Kuna pembetatu moja imepinduliwa, ncha chini, na haina picha. Hiyo inakuamuru umpishe aliye kwenye barabara unayoiingia. Si lazima usimame kama barabara ni nyeupe, lakini kama kuna gari linalokuja, linapita kwanza. Dada yake ni pembenane nyekundu, yenye pande nane na neno la kusimama kwa herufi nyeupe. Hapo unasimama kabisa, matairi yasizunguke, hata kama huoni gari upande wowote. Wanafunzi wengi wanaangushwa hapa mtihanini, kwa sababu wanapunguza mpaka gari linatambaa, wanaona pako wazi, wanaondoka. Kwenye pembetatu iliyopinduliwa hilo linakubalika. Kwenye pembenane ni kosa.

Alama hizi mbili zimepewa maumbo ambayo hayatumiki kwa alama nyingine yoyote, na kwa faida kubwa: unazitambua hata ukiwa nyuma yake. Tuseme unakwenda kwenye barabara kuu na kushoto kwako kuna barabara ya mtaa inayoingia. Kibao cha mtaani kinawatazama wao, wewe unaona mgongo wake tu, bati la kijivu. Mgongo ukiwa na pande nane au ncha chini, umeshajua kwamba yule bodaboda anayekuja ndiye anayetakiwa kukupisha. Sikuambii umwamini, maana wapo wasiosimama. Nakuambia sheria iko upande gani, na ujuzi huo unakusaidia usifunge breki ghafla mbele ya lori lililo nyuma yako. Kama huoni mgongo wa namna hiyo, usijipe haki usiyokuwa na uhakika nayo, punguza. Na ukifika kwenye reli, utakuta umbo jingine la pekee, mbao mbili zilizokatizana kama herufi X. Hapo ndipo treni inapopita, na treni haimpishi mtu.

Sasa duara jekundu. Kanuni yake ni fupi: kilichochorwa ndani kimekatazwa. Lori ndani, malori yasipite. Magari mawili sambamba, moja jekundu na jingine jeusi, usiovateki. Duara jekundu lililojaa rangi na ufito mweupe katikati, usiingie kabisa upande huo. Kinachowachanganya wengi ni mstari mwekundu unaokatiza picha. Baadhi ya vibao vinao, vingine havina, na mwanafunzi anahisi kile kisicho na mstari lazima kiwe kinaruhusu. Sivyo. Katika mfumo huu ukingo mwekundu peke yake umeshakataza, na mstari ni kukazia tu.

Ndani ya duara jekundu kukiwa na namba, isome kwa neno moja, "usizidi". 50 ni kilomita 50 kwa saa. Namba yenye herufi t ni uzito kwa tani. Namba yenye m iliyobanwa na vipembe vidogo juu na chini ni kimo cha gari, na vipembe hivyo vikiwa kulia na kushoto ni upana. Dereva wa gari dogo huona vibao vya kimo havimhusu, mpaka siku amefunga makochi juu ya keria.

Kuna kibao kimoja kinachoonekana kuvunja kanuni, kile cha kimataifa cha kukataza maegesho. Ni duara lenye ukingo mwekundu lakini ndani ni buluu, na mstari mmoja mwekundu umelikatiza. Mwanafunzi anaona buluu anasema "hii ni ya kulazimisha". Hapa tazama ukingo, maana rangi ya ukingo ndiyo inayotawala. Ukingo ni mwekundu, basi ni katazo. Mstari mmoja unakataza kuegesha, yaani kuliacha gari, lakini unaweza kusimama kidogo abiria ashuke. Mistari miwili iliyokatizana inakataza hata huko kusimama.

Duara la buluu halina ukingo mwekundu, na ndani yake picha ni nyeupe. Hapa unaambiwa "fanya hivi". Mshale unaoelekea kushoto, lazima uende kushoto. Mshale uliolala kuelekea chini kushoto, ule unaokaa kwenye ncha ya kisiwa katikati ya barabara, unakuambia pita upande wa kushoto wa kisiwa hicho. Namba nyeupe ndani ya duara la buluu ni kinyume kabisa cha namba ndani ya duara jekundu: huo ni mwendo wa chini kabisa unaotakiwa kuwa nao, usiende polepole kuliko hapo. Ni kibao adimu, ila watunga maswali wanakipenda kwa sababu anayekariri namba bila kutazama rangi anaanguka papo hapo.

Uone na kipilefti. Ukiwa bado mbali unakuta pembetatu nyekundu yenye mishale mitatu myeusi inayofukuzana. Hiyo inasema kuna kipilefti mbele, anza kupunguza. Ukifika penyewe unaweza kukuta mishale hiyo hiyo, sasa ni myeupe ndani ya duara la buluu. Hiyo inasema zunguka kuelekea inakoonyesha. Kwetu tunaoendesha kushoto, mishale inazunguka kama akrabu za saa. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, na huko mishale inazunguka kinyume. Angalia ilivyo: kipilefti ni kimoja, mishale ile ile, ila pembetatu ilikuandaa na duara likakuamuru.

Mstatili na mraba haina mengi. Buluu au kijani, inakueleza hospitali iko wapi, maegesho yako wapi, mji ujao uko umbali gani. Nikukumbushe mmoja tu, mraba wa buluu wenye pembetatu nyeupe na mtu anayetembea ndani yake. Huo huwekwa penye zebra yenyewe. Pembetatu nyekundu yenye mtu anayevuka ilikuambia zebra inakuja, na mraba wa buluu unakuambia umefika. Anayesubiri kuvuka, mpishe.

Tuviunganishe sasa kwa safari fupi, kijiji chochote kilichokaa kando ya barabara kuu. Unakuja na 80. Kwa mbali unaona kitu chenye ncha juu. Umbo limeshakuambia ni onyo, kwa hiyo mguu unatoka kwenye mafuta. Unakaribia, unaona watoto wawili wanakimbia, basi kuna shule. Mbele kidogo kuna duara, ukingo mwekundu, 50. Hiyo ni amri, na inaanzia pale kibao kiliposimama, kwa hiyo ukifika usawa wake mshale wa spidi uwe umeshashuka kwenye 50. Watu wengi wanaanza kupunguza baada ya kukipita, na huo mwendo wa ziada ndio tochi inaounasa. Halafu tuta, lililotangulizwa na pembetatu yake. Halafu mraba wa buluu penye zebra.

Nyumba zinaanza kupungua, unaona mashamba, na mguu unataka kurudi kwenye mafuta. Subiri. Amri ya 50 haifutwi na kuisha kwa nyumba. Inafutwa na kibao cha kuifuta, duara jeupe lenye mstari au mistari myeusi iliyokatiza kwa mshazari, au na duara jekundu jingine lenye namba tofauti. Trafiki wakisimama mita chache kabla ya kibao hicho, wanamkuta dereva aliyedhani kijiji kimeisha. Kwa hiyo kila unapolipita duara jekundu lenye namba, tembea nayo kichwani mpaka uone kinachoifuta.

Na hapo pana mtego wa jua letu. Rangi nyekundu ndiyo inayofifia haraka kwenye vibao vingi vya zamani. Inakuwa waridi, halafu inakaribia nyeupe, wakati nyeusi bado inasomeka vizuri. Tatizo hilo ni la siku nyingi. Marekani kibao chao cha kusimama kilikuwa cha njano mpaka mwaka 1954, kwa sababu kabla ya hapo hawakuwa na rangi nyekundu ya kudumu juani. Matokeo yake kwetu ni kwamba unaweza kukutana na duara lenye 50 nyeusi na ukingo usioonekana tena, ukadhani ni kile cha kufuta. Tofautisha kwa mstari mweusi. Cha kufuta lazima kiwe na mstari wa mshazari. Kama hakina, 50 bado inakudai. Vivyo hivyo pembetatu iliyopauka ni onyo bado, na bati lenye pande nane lililochakaa mpaka halina herufi bado linakusimamisha. Rangi ikipotea, umbo linabaki, na ndiyo sababu nyingine nimekuambia uanze nalo.

Nije kwenye almasi ya kaka yako. Kule Marekani hawatumii pembetatu nyekundu kwa onyo. Wanatumia mraba uliosimamishwa kwa kona yake, wa njano, wenye picha nyeusi. Kwa hiyo kibao alichokutumia kina kazi ile ile ya pembetatu zetu, na kama mshale wake umepinda kinamtahadharisha na kona. Almasi ya rangi ya machungwa kule ni onyo la mahali barabara inapojengwa. Mkataba wa Vienna uliipokea mitindo yote miwili ya onyo, pembetatu na almasi. Ayalandi nao, ingawa wako Ulaya, wanatumia almasi ya njano.

Lakini ukivuka kwenda Ujerumani au Ufaransa, almasi ya njano ina maana nyingine kabisa. Kule ni ya njano tupu, ina ukingo mweupe na haina picha yoyote ndani, na inakuambia uko kwenye barabara yenye haki ya kupita kwanza, wanaotoka pembeni watakupisha. Ikikatizwa na mstari mweusi, haki hiyo imeishia hapo. Kipimo chake ni rahisi: almasi yenye mchoro mweusi ni onyo, almasi tupu ni haki ya kupita. Kwenye mtihani wako sitarajii uikute, lakini ukiwa na ndugu wa kutembelea, ni vizuri uijue.

Mwambie pia kaka yako, siku akija kuendesha huku, mambo mawili yatamponyoka. Kule kwao mwendo unaandikwa kwenye mstatili mweupe kwa herufi nyeusi, tena kwa maili, kwa hiyo duara jekundu lenye 50 anaweza kulipita asijue ameamriwa. Akilisoma kama maili 50, atakuwa kwenye kilomita 80. Na kule katazo la picha huwa na mstari mwekundu juu yake, kwa hiyo duara letu jekundu lenye lori lisilo na mstari atalisoma kwamba malori yapite. Pembenane na pembetatu iliyopinduliwa hazitamsumbua, maana ni zile zile anazozijua.

Kwa siku zilizobaki kabla ya mtihani, ichukue karatasi yako sasa. Funika picha za ndani kwa kidole, kibao kimoja kimoja, useme kwa sauti kile umbo na ukingo vinavyokutaka ufanye: jiandae, usifanye, lazima ufanye, au taarifa tu. Ukikosea, rudi kwenye ukingo uutazame tena kabla ya kuinua kidole. Ukizipitia zote bila kukosea, ndipo ufunue picha.